Memo ya mafunzo ya data, na siri iliyolala wikendi nzima

Memo ilibandikwa Jumatatu asubuhi, juu ya mashine ya alama za vidole ambapo kila anayeingia zamu husimama. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, na chini yake muhuri wa mkurugenzi. Wafanyakazi wote walikumbushwa kwamba mafunzo ya lazima ya faragha ya data yakamilishwe kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa. Ambaye hatakuwa amemaliza atakatwa mshahara wa siku moja na kupewa barua ya onyo. Akirudia, atafutwa kazi mara moja bila notisi. Nakala nilionyeshwa na dada anayefanya kazi mapokezi katika hospitali hiyo ya binafsi hapa Kisumu. Jina la hospitali naliacha, na la dada pia.

Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa, katika zahanati, sacco na shule, kuanzia Nakuru hadi upande wa Busia. Memo za aina hii nimeziona nyingi. Waajiri wanazo sababu za kweli za kuziandika. Lakini adhabu wanazoziweka ndani yake huwafundisha wafanyakazi kuficha jambo lile lile ambalo mafunzo yanataka waliseme, na yaliyotokea Ijumaa ile yanaonyesha jinsi inavyokuwa.

Saa kumi na dakika arobaini jioni, dakika ishirini kabla ya muda wa memo kwisha, dada yule alikuwa bado hajamaliza video. Alikuwa ameifungua kwenye kompyuta ya mapokezi, anaisimamisha kila mgonjwa anapofika dirishani, kisha anaendelea. Fundi wa maabara akamletea karatasi ya wagonjwa 14 ambao majibu yao yalikuwa tayari: majina, namba za simu na kipimo alichofanyiwa kila mmoja. Kazi yake ni kuipiga picha na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wenzake wa zamu, ili atakayeingia jioni awapigie wagonjwa simu warudi. Anatumia simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe, kwa sababu mapokezi hawajawahi kupewa simu ya ofisi. Akapiga picha, akatuma, akarudi kwenye video. Alipoitazama simu tena, picha ilikuwa imeingia kwenye kikundi cha chama chao cha akina mama.

Akaifuta kwa ‘Delete for everyone’. Anakadiria ilikaa pale dakika sita au saba. Tayari mmoja alikuwa ameandika, "Hii ni nini, mama?" Hakumjibu.

Hakumwambia mtu yeyote Ijumaa ile, wala Jumamosi, ingawa alikuwa kazini nusu siku. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ningeanzia wapi? Mafunzo sijamaliza, memo iko pale juu ya mashine, halafu niende kusema nimefanya kosa ambalo mafunzo yalikuwa yanikataze?" Alimweleza msimamizi wake Jumatatu saa nne asubuhi, baada ya wikendi ya kukosa usingizi.

Sasa tuhesabu. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinasema kwamba data ya mtu ikiwafikia wasioruhusiwa, na pakawa na hatari ya kweli ya kumdhuru mwenye data, taasisi inayoishika lazima imjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Lazima pia imjulishe mwenye data kwa maandishi ndani ya muda unaofaa. Wanasheria wanaweza kubishana kama taasisi "inajua" pale karani anapojua au pale bosi anapoambiwa. Mwajiri mwangalifu huhesabu tangu karani alipojua, kwa sababu karani ndiye mkono wa taasisi. Kwa hesabu hiyo, kutoka Ijumaa saa kumi na dakika arobaini jioni hadi Jumatatu saa nne asubuhi, takriban saa 65 na dakika 20 zilikuwa zimekwisha. Hospitali ilibaki na kama saa sita na dakika 40 za kujua ni akina nani waliiona picha, kupima hatari, kuandika taarifa na kuituma. Kuchelewa kunaruhusiwa ukieleza sababu. Lakini hebu fikiria kuandikia ofisi ya Kamishna kwamba sababu ya kuchelewa ni woga wa memo yenu wenyewe.

Kama dada yule angeinua simu ya mezani mara tu alipoiona picha kikundini, mambo mawili yangewezekana ambayo Jumatatu hayakuwezekana tena. La kwanza ni kwamba kabla ya kuufuta ujumbe angeelekezwa aubonyeze, afungue ‘Info’, na apige picha ya orodha ya waliousoma. Ujumbe ukishafutwa, orodha hiyo huipati tena. La pili ni kwamba wanachama wale wangepigiwa simu jioni ile ile na kuombwa wafute picha iliyojihifadhi kwenye simu zao, kwa maana kufuta ujumbe kikundini hakuhakikishi kwamba picha imetoka kwenye albamu ya kila simu. Hatua hizi ni fupi na hazitaki utaalamu, na nakubali kwamba mafunzo ndiyo mahali pa kuzifunza. Ila anayeogopa kusema hatazitumia hata akizijua.

Turudi kwenye memo yenyewe na adhabu zake, tuone zina miguu gani kisheria.

Kumkata mfanyakazi mshahara wa siku moja kwa kutomaliza video hakuna msingi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja makato yanayoruhusiwa, na mshahara wa siku moja umetajwa humo kwa mtu aliyekosa kazini siku nzima bila ruhusa wala sababu halali. Dada yetu alikuwa kazini. Mwajiri anaweza kukata pia kwa mali iliyoharibiwa au kupotezwa kwa makusudi, kwa upungufu wa fedha alizokabidhiwa mtu, au kwa kile ambacho sheria nyingine, mkataba wa pamoja au amri ya mahakama inaruhusu. Faini ya mafunzo haimo, na kuiandika kwenye memo hakuigeuzi kuwa sheria. Atakayekatwa anaweza kwenda kwa afisa wa kazi, na mwajiri hatakuwa na la kujibu.

Kufutwa mara moja nako kuna mlango wake. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo hiyo ya ajira kinakubali kwamba mfanyakazi anayekataa kwa makusudi amri halali iliyo ndani ya kazi yake ametenda kosa kubwa, kwa hiyo mwajiri hakuachwa mikono mitupu. Lakini hata hapo, kifungu cha 41 kinamtaka amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na amsikilize kabla ya kuamua. Tena kuna tofauti kubwa kati ya kukataa na kushindwa. Memo hii iliwatia wote kwenye kapu moja, na kushindwa ndiko kulikokuwa kwingi.

Nasema hivyo kwa sababu hesabu ya kompyuta niliifanya pamoja na dada yule. Hospitali ina wafanyakazi 86. Memo ilipobandikwa, 61 walikuwa wamemaliza: madaktari, wahasibu, watu wa ofisini, kila mwenye kompyuta yake. Waliobaki 25 walikuwa makarani wa mapokezi, wauguzi wa zamu ya usiku, wasaidizi wa maabara na wafagiaji. Video ina dakika 48, na ukiongeza maswali inafika saa moja. Kompyuta walizoweza kutumia ni tatu, mbili za mapokezi na moja ya ofisi ya rekodi, na tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni zote ziko kazini isipokuwa saa ya chakula. Siku tano mara kompyuta tatu ni nafasi 15. Watu kumi hawakuwa na nafasi hata kama kila mmoja angeacha chakula chake siku yake, na memo haikutaja hata saa moja ya kazi iliyotengwa kwa ajili ya mafunzo.

Kinachotokea watu wakibanwa hivyo nimekiona mara nyingi, na mwenye macho hukitambua haraka. Vyeti vinaanza kutoka kwa dakika 11 ilhali video peke yake ni 48. Vyeti vinne vinatoka kwenye kompyuta moja ndani ya nusu saa, alama sawa, hata swali lililokosewa ni lile lile. Kijana mmoja mwepesi wa kompyuta amewafanyia wenzake wote. Ripoti inayokwenda kwa mkurugenzi inasoma asilimia mia, na aliyejifunza ni kijana yule peke yake, kwa kurudia maswali mara nne.

Kwa nini basi wakurugenzi wanakazana na tarehe? Kwa sababu hatari ipo. Chini ya kifungu cha 63 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kifungu cha 65 kinampa aliyedhurika haki ya fidia. Mnamo Septemba 2023 ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait ilitangaza adhabu ya shilingi 4,550,000 kwa shule moja ya Nairobi iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na shilingi 1,850,000 kwa klabu moja iliyoweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hakuna kompyuta iliyodukuliwa mahali popote katika kesi hizo mbili. Picha zilitoka kwa taasisi zenyewe, kwa njia ya kawaida kabisa ya kuweka picha mtandaoni. Ndiyo maana kifungu cha 24 kinapotaja kazi za afisa wa ulinzi wa data, kujenga uwezo wa wafanyakazi wanaoshughulika na data kimo. Mkurugenzi akiulizwa amechukua hatua gani kuzuia uvujaji, rekodi ya mafunzo ni kati ya vitu vya kwanza atakavyoombwa. Namwelewa.

Lakini matokeo ya kutomaliza yanapaswa kufuata sababu ya mafunzo. Mafunzo yapo kwa sababu mtu anagusa data za wengine. Ambaye hajafunzwa asiziguse mpaka afunzwe, na hilo linatosha. Akaunti yake kwenye mfumo wa wagonjwa inafungwa, anapewa kazi isiyohitaji mafaili, mshahara wake haupungui, na akimaliza anafunguliwa siku hiyo hiyo. Hii ni hatua ya usalama, kama dereva ambaye leseni yake imekwisha muda kutokabidhiwa gari. Haimwachi mtu na doa kwenye faili lake, kwa hiyo haimpi sababu ya kuficha kosa lingine.

Nayo ina mtego wake. Nimeona kituo kimoja kikifunga akaunti za wote waliochelewa kwa pamoja, saa kumi na moja jioni. Zamu ya usiku ikaingia na karani mmoja tu, naye ni miongoni mwa waliofungiwa. Wagonjwa wakaanza kupanga foleni. Muuguzi akampa nywila yake, na mpaka asubuhi kila faili lililofunguliwa mapokezi lilikuwa na jina la muuguzi aliyekuwa wodini. Kuazimana nywila ni kosa baya kuliko kuchelewa mafunzo, kwa sababu siku data ikivuja, kumbukumbu za mfumo zitamtaja mtu asiyehusika. Ukitaka kujua kama linatokea kwako, linganisha kumbukumbu za kuingia kwenye mfumo na ratiba ya zamu. Jina moja likionekana kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja, au likionekana siku ambayo mwenyewe yuko likizo, una jibu. Kwa hiyo funga kwa zamu, anza na ya mchana, na usifunge akaunti ya mwisho ya zamu yoyote kabla ya kupata mbadala.

Ningeombwa kuiandika upya memo ile, ingesomeka hivi: "Wafuatao 25 hawajamaliza mafunzo. Kila mmoja ametengewa saa moja ya kazi kwenye kompyuta ya rekodi, siku na saa imeandikwa mbele ya jina lake, na msimamizi atamwekea mtu wa kushika nafasi yake. Ambaye hatakuwa amemaliza kufikia Ijumaa ya pili, akaunti yake itafungwa hadi amalize, na mshahara wake hautaguswa. Anayekataa ataitwa ajieleze. Ukituma au kupoteza taarifa ya mgonjwa kwa bahati mbaya, piga namba ya afisa wa ulinzi wa data saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Aliyepiga simu mapema hataadhibiwa kwa kutokuwa amemaliza mafunzo." Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoitetea kuliko zote, na ndiyo wakurugenzi wanayoipinga zaidi. Wanadhani inafungua mlango wa uzembe. Mimi naona inawanunulia zile saa 65.

Kuna wengine ambao memo ile haikuwagusa kabisa, wala hawakuwa kwenye hesabu ya watu 86. Ni walinzi wa lango. Wameletwa na kampuni ya ulinzi, hawana barua pepe ya hospitali, na kompyuta hawana. Lakini kabla mgonjwa hajafika mapokezi ameshaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na mahali anakokwenda kwenye kitabu cha lango. Nilisimama pale Jumanne, nikapewa kalamu. Mistari minne juu ya wangu, katika safu ya "Unakwenda wapi", mtu alikuwa ameandika CCC. Hapa Kisumu hakuna asiyejua kwamba CCC ni kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Jina lake kamili lilikuwa pale, namba yake ya simu ilikuwa pale, na kila aliyeshika kalamu baada yake alikuwa amesoma. Sheria inaiweka hali ya afya kwenye kundi la data nyeti, pamoja na alama za vidole, hali ya ndoa na majina ya wanafamilia. Kampuni ya ulinzi, kwa kushika kitabu kile kwa niaba ya hospitali, ilipaswa kuwa na mkataba wa maandishi unaoeleza itazishughulikiaje taarifa hizo, kama kifungu cha 42 kinavyotaka. Hakuna aliyeukumbuka mkataba wa namna hiyo.

Nilimwonyesha mlinzi mstari ule, nikamweleza taratibu, pembeni. Mzee wa makamo, mtu wa Vihiga, amelinda malango miaka mingi. Hakuhitaji dakika 48. Alichukua kipande cha katoni ya sabuni, akakitoboa kwa kisu tundu refu lenye upana wa mstari mmoja, akakilaza juu ya ukurasa. Sasa kila mgeni anaona mstari wake tu. Safu ya "Unakwenda wapi" aliipiga mstari, akaandika juu yake "Mgonjwa / Mgeni".

Kisha akanionyesha chini ya ngazi vitabu saba vilivyokwisha kujaa, vimefungwa kwa kamba ya mkonge. Kifungu cha 39 kinasema data isihifadhiwe kupita muda ambao sababu yake inahitaji. Aliniuliza avipeleke wapi. Nilimwambia asivichome wala asimpe mtu mpaka apate maandishi kutoka kwa mkurugenzi, na barua ya kuulizia tuliiandika pale pale, kwenye meza ya lango.